Kwa nini balbu ya LED inakufa mapema? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye kibanda cha fundi, Tanga

Nina kibanda cha kutengeneza vitu vya umeme Ngamiani, Tanga. Kati ya vitu vyote vinavyoletwa hapa vikiwa vimekufa kabla ya wakati, balbu za LED ndizo zinazoleta maneno mengi zaidi, na ndizo zinazoonyesha vizuri namna bidhaa inavyopangiwa umri tangu kiwandani. Maswali haya ni yale ninayoulizwa kila wiki. Anayetaka kujua tu kama balbu yake inatengenezeka aruke hadi sehemu ya tatu.

## Mambo ya msingi

Ni kweli kuna bidhaa zinazotengenezwa ili zife mapema?

Ndiyo, ila watu huchanganya mambo matatu. La kwanza ni mtengenezaji kuweka kikomo cha umri kwa makusudi, akijua kwamba angeweza kukiongeza kwa gharama ndogo. La pili ni bidhaa iliyobanwa bei mpaka hakuna kilichobaki cha kuifanya idumu. La tatu ni bidhaa nzima kabisa, isipokuwa mwenye nyumba anaiona imepitwa na fasheni.

Kwa mnunuzi matokeo ni yaleyale: pesa inatoka tena. Kwa fundi ni tofauti, kwa sababu kila moja inaacha alama yake ndani ya kitu. Balbu ya LED ina yote matatu, na ndiyo maana nimeichagua.

Nasikia zamani viwanda vya balbu vilikula njama. Ni hadithi tu?

Si hadithi. Tarehe 23 Desemba 1924, wakati Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza, wawakilishi wa viwanda vikubwa vya balbu walikutana Geneva, Uswisi. Walikuwepo Osram wa Ujerumani, Philips wa Uholanzi, Compagnie des Lampes wa Ufaransa na wengineo. Umoja wao uliitwa Phoebus. Waligawana masoko ya dunia, kisha wakakubaliana kwamba balbu ya kawaida ya nyumbani iishi saa 1,000. Wakati huo balbu nyingi zilikuwa zinafika saa 1,500 hata 2,000.

Kilichonishangaza mimi ni usimamizi wake. Kila kiwanda kilipeleka sampuli za balbu zake kwenye maabara ya umoja, na balbu zilizodumu kupita kiasi zilikitoza kiwanda faini kwa faranga za Uswisi. Yaani fundi wa kiwandani alikuwa anaumiza kichwa afupishe umri bila balbu kuonekana mbovu. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyouvunja umoja huo.

Kuna upande wa pili ambao wasimuliaji huuruka. Kwa balbu ya waya, umri na mwanga vinavutana. Waya ukiwaka moto zaidi unatoa mwanga mweupe na mwingi kwa umeme uleule, lakini unaisha haraka. Ukiupoza, unadumu, ila mwanga unakuwa wa njano kama wa koroboi na sehemu kubwa ya umeme inaishia kuwa joto. Tume ya serikali ya Uingereza iliyochunguza biashara ya balbu ilitoa ripoti mwaka 1951, ikakubali kwamba saa 1,000 si kiwango cha kipumbavu kwa matumizi ya jumla. Mimi naona yote mawili ni kweli. Sababu ya kiufundi ilikuwepo, lakini faini zile hazikuwekwa kwa ajili ya kumpunguzia mteja bili.

Basi ile balbu ya Marekani inayowaka tangu 1901 inathibitisha nini?

Kidogo sana. Ipo Livermore, California, kwenye kituo cha zimamoto, na kweli inawaka tangu 1901. Lakini inatumia kama wati 4 tu, mwanga wake ni hafifu kama taa ya kulalia, na haizimwi-zimwi. Waya wake hauchemki sana, kwa hiyo hauishi. Huwezi kumsomea mtoto Kurani chini ya balbu ile.

Ila ishike akilini, maana siri yake ndiyo hiyohiyo ya balbu ya LED: kitu kisichobebeshwa mzigo mkubwa hudumu.

## Ndani ya balbu ya LED

Boksi limeandikwa saa 25,000. Mbona yangu imekufa baada ya miezi minane?

Piga hesabu kwanza. Ukiwasha saa tano kila usiku, saa 25,000 ni siku 5,000, yaani zaidi ya miaka kumi na tatu. Miezi minane ni kama saa 1,200. Hizo ni saa za kina Phoebus, nusura nicheke.

Namba ya kwenye boksi mara nyingi ni umri wa vile vipande vidogo vya njano vinavyotoa mwanga, si wa balbu nzima. Maabara huwasha vipande hivyo kwa saa zipatazo 6,000, wanaangalia mwanga unavyofifia, halafu wanakadiria kwa hesabu ni lini utashuka hadi asilimia 70. Joto la kipimo linasimamiwa. Sakiti ya kuendesha vipande, ambayo mafundi tunaiita draiva, haimo kwenye hesabu hiyo, wala dari la bati la Makorora mwezi wa pili halimo.

Ni kitu gani hasa kinachoungua?

Nitaeleza kwa balbu moja. Bibi mmoja alikuja na balbu ya wati 9 mfukoni, akaiweka mezani kabla hata hajajibu shikamoo yangu. "Marahaba. Mwanangu, hii nimeinunua baada ya Maulidi. Maulidi ya mwaka huu!"

Nilikibandua kile kikombe cheupe cha plastiki kwa kisu. Ndani mlikuwa na bati jembamba la alumini lenye vipande 15 vya LED, vimepangwa duara. Kipande kimoja kilikuwa na doa jeusi katikati, dogo kama kichwa cha pini. Vipande hivyo vimeungwa kimoja baada ya kingine kama shanga kwenye uzi, kwa hiyo kimoja kikikatika vyote 15 vinazima. Balbu ilikuwa na vipande 14 vizima, na imekufa.

Kila kipande kilikuwa cha volti 18. Mara 15 ni volti 270. Pembeni kulikuwa na chipu ndogo ya kusimamia mkondo, na karibu nayo rezista mbili, vile vipande vya kubana mkondo, zimekaa pamoja, moja imeandikwa 330 na nyingine 390. Usisome 330 kuwa ohmu mia tatu thelathini. Tarakimu ya mwisho ni idadi ya sifuri, kwa hiyo hizo ni ohmu 33 na ohmu 39. Zikiungwa sambamba zinatoa ohmu 18 hivi. Chipu ya aina ile hushikilia volti 0.6 kwenye rezista, na 0.6 ukigawa kwa 18 unapata miliampia 33. Miliampia 33 mara volti 270 ni wati 9. Hesabu imefunga.

Sasa weka kidole kwenye bati hilo dakika kumi baada ya kuwasha (balbu ikiwa imeshazimwa na kuchomolewa, tafadhali). Hutaweza kuhesabu mpaka tatu. Wati zote hizo zinatoka kwenye bati la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, na gamba la nje ni plastiki iliyopakwa alumini nyembamba kwa ndani. Joto halina pa kwenda. Kipande kilicho dhaifu kuliko wenzake ndicho kinachotangulia.

Sasa hapo mtengenezaji amepanga, au ni bei tu?

Ile rezista ya pili ndiyo jibu langu. Kiwanda kilichagua miliampia 33. Balbu ileile, vipande vilevile, chipu ileile, ikiwekewa rezista nyingine ingetumia mkondo nusu na kuishi miaka mingi zaidi. Lakini ingetoa mwanga wa wati 5, na kwenye kaunta ya duka wati 9 huuzika kuliko wati 5. Ili kupata mwanga uleule bila kuchemsha, angeweka vipande 30 badala ya 15, na bei ingepanda. Kwa hiyo sisemi kuna mtu amekaa ofisini akapanga balbu ya bibi ife baada ya Maulidi. Nasema kuna mtu aliyejua joto hilo litafanya nini, akaona si tatizo lake.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, ushahidi upo Dubai. Mwaka 2016 manispaa ya mji huo na Philips walitangaza balbu inayotoa lumeni 200 kwa kila wati; lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Ya wati 3 inatosha kuchukua nafasi ya balbu ya waya ya wati 60. Ukiifungua haina maajabu: imewekewa nyuzi nyingi za LED, na kila uzi unapitishiwa mkondo mdogo. Ilitengenezwa kwa ajili ya Dubai. Mtengenezaji yuleyule aliendelea kuuza balbu za kawaida kwingineko.

Kuna ukweli kwamba hapa Tanga zinakufa haraka kuliko kwingine?

Joto na volti vinachangia. Balbu iliyofungwa ndani ya kopo la kioo lisilopitisha hewa, chini ya bati, inaishi kama imefunikwa blanketi. Balbu ya barazani upande wa Raskazone inaongezewa chumvi ya bahari. Utaiona kwenye miguu ya waya kama unga wa kijani.

Volti ndiyo watu hawaielewi. Umeme wetu ni volti 230, lakini saa nane za usiku mita yangu imewahi kusoma 251. Kwenye balbu kama ya bibi, umeme ukishageuzwa kuwa wa upande mmoja unafika volti kama 320. Vipande vinachukua 270, na hizo 50 zinazobaki chipu inazigeuza joto. Hiyo ndiyo njia yake ya kusimamia mkondo. Umeme ukipanda hadi 250, mabaki yanakuwa zaidi ya 80. Mwanga haubadiliki hata kidogo, wewe huoni kitu, ila chipu inachemka kwa zaidi ya nusu tena.

## Kutengeneza

Nimeona mtu akiziba kipande kilichoungua kwa risasi na balbu ikawaka. Inadumu?

Inawaka, haidumu. Swali hili naulizwa kila siku kwa sababu ni kazi ya dakika mbili na vijana wengi wanaifanya kwa shilingi mia tano.

Ukiziba kipande kimoja, vimebaki 14, yaani volti 252. Zile volti 18 za marehemu hazikupotea, zimehamia kwenye chipu. Badala ya 50 sasa inabeba 68, kwenye bati lilelile la moto. Wiki tatu baadaye anakufa mwingine, unaziba tena, na mzigo unaongezeka tena. Mwishowe chipu yenyewe inapasuka.

Ukiziba, lazima upunguze na mkondo (tazama swali linalofuata). Hapo ndipo ukarabati unakuwa na maana.

Mkondo unapunguzwaje?

Kwanza usalama, na hapa sitanii. Balbu hizi hazina transfoma ya kutenganisha. Bati lote la ndani ni umeme wa ukutani, na kapasita, kile kipande kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na volti 300 hata baada ya kuchomoa. Ichomoe, kisha toa umeme wa kapasita kwa kuunganisha miguu yake kupitia balbu ndogo ya waya. Pima kwa mita uhakikishe imebaki sifuri ndipo uguse. Usiiwashe bila kikombe chake mahali mtoto anapofika. Kama hujazoea, mpe fundi.

Kazi yenyewe ni kung'oa rezista moja kati ya zile mbili. Kwa balbu ya bibi ning'oe ipi? Nikitoa ya 33 inabaki 39, mkondo unakuwa miliampia 15. Nikitoa ya 39 inabaki 33, mkondo unakuwa 18. Nilitoa ya 39, nikaziba kipande kilichokufa. Balbu ikashuka hadi karibu wati 4.5. Dakika kumi baadaye bati lilikuwa vuguvugu tu, kidole kilikaa.

Mwanga haupungui kwa kadiri wati zilivyopungua. Kipande kilichopoa kinatoa mwanga zaidi kwa kila wati, na jicho letu halihisi nusu kama nusu. Bibi aliangalia akasema, "Imekuwa ya chumbani hii." Akaipeleka chumbani.

Siyo kila balbu inakubali. Nyingine zina rezista moja tu, hapo unaibadilisha kwa yenye ohmu nyingi zaidi. Chipu nyingine hazifuati ile 0.6, ingawa mwenendo ni uleule: ohmu zikipanda, mkondo unashuka. Zile za bei ya chini kabisa hazina chipu, zina kapasita tu ya kubana umeme. Hizo siziokoi.

Balbu yangu haijafa, ila inapepesa. Ni tatizo lilelile?

Mara nyingi hapana, ni kapasita, ile yenye umbo la kopo. Ndani ina majimaji yanayokauka kwa joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likipungua nyuzi 10, umri wake unakaribia kuongezeka mara mbili. Iliyoandikiwa saa 5,000 kwa nyuzi 105 inatarajiwa kufika saa 10,000 kwa nyuzi 95, na saa 20,000 kwa nyuzi 85. Rudi kwenye swali la kinachoungua uone kwa nini haizifikii.

Ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye picha, kapasita imechoka au haikuwekwa tangu mwanzo, na balbu inapepesa mara 100 kwa sekunde. Kuibadilisha ni rahisi mradi mpya iwe na volti zilezile au zaidi, na iwe ya nyuzi 105. Ila kama balbu inaendelea kung'aa kidogo hata ukiizima, hiyo siyo kapasita. Swichi imekata waya wa nyutro badala ya laivu. Ita fundi wa nyumba.

## Kununua, na habari ya fasheni

Dukani nitaitambuaje itakayodumu?

Ishike mkononi. Kati ya mbili za wati zilezile, nzito ndiyo ninayoichukua, maana uzito mara nyingi ni alumini ya kutoa joto. Kisha soma volti. Iliyoandikwa 220-240V aghalabu ni ya chipu ya kuchemka niliyoieleza. Iliyoandikwa 85-265V inatakiwa iwe na draiva inayokata umeme kwa kasi kubwa bila kuugeuza joto, nayo huvumilia volti zetu vizuri. Nasema inatakiwa, kwa sababu nimefungua zilizoandikwa hivyo nikakuta ndani ni ileile ya kwanza. Kuandika kwenye boksi ni bure.

Angalia lumeni, achana na wati. Lumeni 900 kwa wati 9 ni kawaida. Zikiwa lumeni 900 kwa wati 6, haichemki sana kama ile nyingine. Kama huna nafasi ya kuchagua, nunua kubwa kuliko unavyohitaji uipunguze mkondo.

Taa za dari la jipsamu nazo zina ujanja gani?

Hapa fasheni na uchakavu vimeoana. Balbu ya kuzungusha au ya pini ikifa, unaitoa unaweka nyingine, hata ya kampuni nyingine, na imekuwa hivyo tangu enzi za babu zetu. Taa bapa za kuchomeka kwenye jipsamu hazina balbu. LED na fremu yake ni kitu kimoja. Ikifa moja kati ya kumi na mbili, unaenda dukani unakuta toleo lile halipo, tundu la jipya ni kubwa kwa sentimita moja, na weupe wake una ubuluu. Mwenye nyumba anayependa sebule yake ibadilike kila Idi anabadilisha zote kumi na mbili.

Mbinu hii ni ya zamani. Miaka ya 1920 Alfred Sloan wa General Motors alianza kubadilisha sura za magari kila mwaka ili la mwaka jana lionekane chakavu likiwa zima. Wenye kanga wa pwani wanaijua pia. Jina jipya likitoka, la zamani linakuwa la jikoni. Tofauti ni kwamba kanga ya jikoni bado inafanya kazi miaka kumi.

Ukijenga, nunua taa mbili tatu za akiba za toleo lilelile siku hiyohiyo. Afadhali zaidi, weka fremu zinazopokea balbu ya kawaida.

Sheria inasemaje?

Ufaransa ilifanya kufupisha umri wa bidhaa kwa makusudi kuwa kosa la jinai mwaka 2015: kifungo hadi miaka miwili na faini ya yuro 300,000. Kazi kubwa ni kuthibitisha nia, kwa sababu ile niliyoieleza kwenye swali la bei. Kila rezista ina utetezi wake.

Kwetu, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iwe na ubora wa kuuzika. Hiyo ni ya kubana muuzaji aliyekupa kibovu, na bila risiti hutafika mbali. Kama boksi lina garanti ya mwaka, andika tarehe kwa kalamu kwenye shingo ya balbu siku unayoifunga. Mwenye duka atabisha kuhusu boksi, lakini tarehe iliyoungua pamoja na plastiki ni ngumu kuibishia.

Na zile balbu za kuchaji, zinazowaka umeme ukikatika?

Ndani yake kuna betri ya lithiamu iliyolala sentimita chache nyuma ya bati la moto, na betri haipendi joto. Taa yenyewe huwa nzima, ila baada ya mwaka umeme ukikatika inawaka dakika tano badala ya saa tatu. Watu wanaitupa yote. Ifungue: betri nyingi ni za umbo la 18650, zile ndefu kama kidole gumba, na zinapatikana. Angalia zile zilizofungiwa kwa gundi nyeupe. Gundi hiyo ukiivunja unavunja na gamba, na hapo huwa namwambia mteja mapema, kabla sijashika kisu, kwamba inaweza isirudi.